Nailoni au poliesta, mbuzi au ng'ombe: viatu vya mlinzi mezani kwa fundi

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vua nivione."

Ilikuwa saa nane mchana, masika ya Aprili, na kijana aliyeketi kwenye benchi langu pale Buguruni alikuwa na sare ya ulinzi iliyonyooshwa vizuri na viatu vilivyolowa chapachapa. Cha kulia kilikuwa kimepasuka pale vidole vinapokunjia, upande wa kidole kidogo, mpasuko wa sentimita nne hivi. Soli yake nayo ilikuwa imefungua mdomo kuanzia mbele hadi karibu na katikati ya unyayo. Cha kushoto kilikuwa kizima, ila mahali palepale ngozi ilishaanza kufanya mistari myeupe. Hana vingine. Anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni, na kazini kwake mlinzi akifika na raba anarudishwa nyumbani na siku yake haihesabiwi. Mfukoni alikuwa na elfu tano. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado wiki mbili.

"Nipigie gundi tu mzee, nisogeze siku."

"Gundi peke yake hapo haifiki asubuhi. Hapa panataka kiraka na uzi. Tatizo ni kiraka gani na uzi gani."

Akanitazama kama nimemuuliza swali la mtihani. Wateja wengi hujibu "wowote tu, fundi", na mafundi wengi hushukuru kwa jibu hilo, maana wanashona na kilichopo mezani. Siku ile nilikuwa na nyuzi za aina tatu na vipande vya aina tatu, na kila kimoja kingeweza kufunga lile tundu. Nitavieleza jinsi nilivyovipima, ili nawe ukiulizwa uwe na la kujibu.

Ninachopima kwanza

Swali la kwanza ni kama mahali penyewe panakunjwa. Pale vidole vinapoanzia, ngozi hukunjwa na kunyooka kwa kila hatua, na mlinzi anazunguka ua usiku kucha. Ukingo wa soli kwenye ncha ya kiatu haukunjwi namna hiyo. Kazi yake ni kuvutwa na kusuguliwa chini.

La pili ni kile ambacho kiatu kitakutana nacho: umande, madimbwi, jua, saruji, maji ya betri.

La tatu ndilo linalorukwa kuliko yote: ngozi iliyobaki ina nguvu kiasi gani? Bana ngozi kwa vidole viwili kando ya mpasuko uikunje. Ikifungua vijistari vinavyoonyesha nyuzinyuzi za ndani, imekauka. Kisha toboa tundu moja kwa msharasi mahali pasipoonekana, uvute kidogo. Tundu likirefuka papo hapo, jua kwamba uzi wowote mgumu utakaovutwa kwa nguvu utapita ndani ya ngozi hiyo kama uzi wa dukani unavyokata mche wa sabuni. Mshono wa kiatu kuukuu mara nyingi haukatiki. Ngozi ndiyo inayokatwa, na uzi unabaki mzima ukining'inia.

La nne ni muda na fedha. Sisi tulikuwa na saa nne na elfu tano.

Uzi wa nailoni

Nailoni ndiyo mama wa meza nyingi za mafundi. Kwenye mkunjo ina sifa moja ninayoipenda: inavutika kidogo kisha inarudi. Mguu unapokunja kiatu, uzi unaachia kiasi badala ya kuikaba ngozi. Kwa hiyo ngozi kuukuu inaivumilia, mradi uzi usiwe mnene mno. Kwa sehemu ya juu ya kiatu natumia wa nusu milimita hivi, au unaozidi hapo kidogo tu.

Maji hayaiozeshi. Inanyonya kidogo, na ikilowa hupungua nguvu kidogo, lakini si kwa kiasi cha kumtia mlinzi wasiwasi. Udhaifu wake uko kwenye jua, maana ukianikwa juani kwa miezi mingi unachoka na kukauka. Udhaifu wa pili ni asidi. Nimeshashona viatu vya vijana wa gereji wanaoshika betri, wakarudi na mshono uliokatika kama umeguswa na kiwembe huku ngozi ikiwa bado ipo. Maji ya betri ni asidi ya salfuri, na nailoni haipatani nayo.

Ina utelezi pia. Fundo la nailoni isiyopakwa nta hufunguka lenyewe, kwa hiyo upitishe uzi kwenye kipande cha nta ya nyuki mara tatu, na mwishoni uchome ncha kwa kiberiti ifanye kichwa kidogo. Ni rahisi na inapatikana kila mahali. Inamfaa mwenye kiatu kilichopasuka kwenye mkunjo, anayetembea sana.

Uzi wa poliesta

Ukiuweka kando ya nailoni, kwa macho huenda usiutofautishe. Mimi nachoma ncha. Zote mbili zinayeyuka na kufanya kishanga, ila poliesta hutoa moshi mweusi wenye masizi, na wa nailoni ni mweupe zaidi.

Kwenye mkunjo poliesta haivutiki sana kama nailoni. Hilo ni jema pale unapotaka mshono usilegee, kama kuzunguka soli, na ni baya pale ngozi imechoka, kwa sababu kitu kisichovutika kikikutana na kitu dhaifu, dhaifu ndicho kinachoachia. Kwa maji na jua inaishinda nailoni: hainywi maji karibu kabisa, na jua inalistahimili muda mrefu zaidi. Asidi hafifu haiisumbui. Inachokichukia ni kinyume cha asidi, yaani vitu vikali vya jamii ya magadi, na maji ya saruji mbichi yamo kwenye kundi hilo. Haiharibiki kwa siku moja, lakini mtu anayekanyaga zege kila siku asishangae mshono ukipauka na kukatika mapema.

Bei haina tofauti ya kukunyima usingizi. Muda wa kushona ni uleule. Inamfaa anayeshinda juani, na mtu yeyote anayetaka soli ishikwe pembeni isiachie.

Uzi wa kitani

Huu ninao kidogo, nimeurithi kwa mzee aliyenifundisha kazi, na siku hizi kuupata kunataka kuulizauliza. Nautaja kwa sababu una tabia ambayo nyuzi hizo mbili hazina. Ukilowa, unavimba na kujaza tundu la msharasi, hivyo maji yanapata shida kupenya kwenye mshono. Na nguvu zake ukilowa huongezeka badala ya kupungua. Kwa ngozi kuukuu ndio mpole kuliko zote: ukizidiwa unakatika wenyewe, haukati ngozi. Fundi mwingine ataona hilo ni kasoro. Mimi naona ni heshima, kwa sababu uzi uliokatika unashonwa upya, na ngozi iliyokatwa haishoneki tena palepale.

Ubaya ni kwamba kitani ni mmea, na mmea huoza. Kiatu kinacholowa kila usiku na kushinda bila kukauka kitakula uzi huo kimyakimya, jasho likisaidia. Tena hauyeyuki kwa kiberiti, kwa hiyo mwisho wa mshono lazima urudi nyuma hatua mbili au tatu kuufunga, na bila nta ya kutosha usiuguse. Unamfaa mwenye viatu vizuri vya ngozi, vinavyovaliwa ofisini, vinavyopumzishwa.

Kiraka cha ngozi ya ng'ombe

Kijana mwenyewe alikichagua hiki kabla sijasema neno. "Weka kile kinene, mzee, ili niachane na mambo haya." Kipande chenyewe kilikuwa kimekatwa kwenye mkanda wa zamani, milimita mbili na ushee, kigumu.

Kwa msuguano na kwa uimara hakina mpinzani. Maji yanategemea kilivyotengenezwa. Ngozi iliyoivishwa kwa magome, kama ya miwati inayolimwa Njombe, ina rangi ya kahawia mpaka ndani, na ikilowa kisha ikakaushwa kwa joto hukakamaa kama ubao. Ile iliyotiwa dawa ya kromu, ambayo ukiikata mara nyingi unaona rangi ya kijivu au samawati katikati, hustahimili maji na joto vizuri zaidi. Bei iko juu kidogo ukinunua mpya, na muda wake ni mrefu kwa sababu kingo lazima zichongwe ziwe nyembamba kama karatasi, la sivyo zitakwaruza kidole.

Shida iko kwenye mkunjo. Ngozi ya sehemu ya juu ya kiatu kile ilikuwa na unene wa milimita moja na nusu hivi. Ukiweka juu yake kiraka kinene na kigumu kuliko yenyewe, mguu hautakunja kiraka. Utakunja pale kiraka kinapoishia. Baada ya wiki chache mpasuko mpya unatokea sambamba na mshono wako, na mteja anarudi akisema umeharibu kiatu. Kwa kweli umekiharibu. Kiraka kinene ni cha kisigino, cha ubavu wa nyuma, cha ncha iliyotobolewa na kidole gumba. Kinamfaa mbeba mizigo na mwenye buti nene ambazo ngozi yake nayo ni nene.

Kiraka cha ngozi ya mbuzi

Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, kama milimita moja au chini yake, lakini nyuzinyuzi zake zimesukana sana, hivyo kwa unene wake ina nguvu ya kushangaza. Inakunjika kama kitambaa kizito. Kingo zake hazihitaji kuchongwa sana. Ngozi kuukuu ya kiatu inaikubali kwa sababu haishindani nayo. Maji inayapitisha taratibu, kwa hiyo inataka dawa ya viatu au mafuta. Napata vipande kwa washona mikoba kwa bei ya kuelewana.

Kasoro yake ni kuvutika. Ukiikata ovyo itajaa kama mfuko na mpasuko utachungulia. Kabla ya kukata, ishike kwa mikono miwili uivute huku na huku, utaona upande mmoja unakataa na mwingine unakubali. Upande unaokataa uulaze kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, ndivyo hata watengenezaji wa viatu wanavyokata. Kwa msuguano wa nje pia si hodari, ikisuguliwa na ukuta au pedali ya pikipiki itachanika.

Kuna mtego hapa. Majaketi ya ngozi ya mitumba mengi ni ya kondoo, na ngozi ya kondoo ni laini vivyo hivyo. Lakini uso wake wa juu huachana na wa chini kama maganda ya kitunguu. Ukichukua kipande cha jaketi, kikwangue pembeni kwa ukucha kwanza. Kikianza kuachana tabaka, kiache kiwe jaketi.

Kiraka cha ngozi bandia

Hiki ndicho cha bei nafuu kabisa, hupatikana bure kwa mafundi wa sofa, na kinang'aa vizuri kikiwa kipya. Mtu anayekutazama kutoka mita mbili hatagundua. Maji hayapiti kabisa mwanzoni. Kinakunjika vizuri, na kitambaa cha chini kinashika uzi kuliko watu wanavyodhani.

Ila ule uso wa plastiki una umri wake. Kwenye joto na unyevu wa pwani huanza kubanduka magamba, na kwenye mkunjo ndiko kunakoanza. Gundi pia inataka akili: plastiki laini ina mafuta yanayotoka polepole na kuilainisha gundi ya kawaida ya viatu, ukaona kiraka kinateleza mahali ulipokibandika. Hivyo kitegemee mshono, gundi isaidie tu. Ukitaka kukitambua, choma kipande kidogo: kinayeyuka na kunuka plastiki, wakati ngozi ya kweli inanuka nywele zilizoungua. Kinamfaa mtu anayetaka kuvuka mwezi mmoja, au viatu ambavyo vyenyewe ni vya plastiki tangu dukani. Kuweka ngozi halisi kwenye kiatu cha plastiki ni kumvika mbuzi kanzu.

Nilichofanya na saa zile nne

Kijana alitaka nianike viatu karibu na jiko la mama lishe jirani yangu. Nilimkatalia, kwa sababu ngozi iliyolowa ikipigwa moto husinyaa na kukakamaa, na mpasuko ungeongezeka kabla sijashika msharasi. Tukafuta matope, tukajaza magazeti ndani, tukabadilisha magazeti kila robo saa, viatu vikiwa kivulini penye upepo. Saa tisa na robo sehemu ya mpasuko ilikuwa kavu kiasi cha kushika gundi. Ndani kabisa bado palikuwa na ubaridi, lakini hatukuwa na siku ya kusubiri.

Nikajaribu ngozi kwa msharasi. Tundu lilirefuka kidogo, halikuchanika. Imechoka lakini haijafa. Hapo kiraka cha ng'ombe kilijiondoa chenyewe, na poliesta ikaondoka kwa upande wa juu. Kitani nilikifikiria, kisha nikakumbuka kwamba viatu hivi havina siku ya kupumzika, vitalowa leo na kesho. Ikabaki nailoni nyembamba na ngozi ya mbuzi. Nilimwambia kwamba kipande cha sofa kingempunguzia elfu moja na kingefika mwisho wa mwezi. Akauliza, "Na cha mbuzi?" Nikamwambia kikitunzwa kitapita mwisho wa mwezi kadhaa. Akasema weka mbuzi.

Kila ncha ya mpasuko nilitoboa tundu dogo la duara, ili nguvu inayochana isipate pa kuendelea. Kiraka nilikikata umbo la yai, hakina kona, kwa sababu kona ndiyo inayoinuka kwanza. Kilizidi mpasuko kwa sentimita moja kila upande, mshono ukae kwenye ngozi nzima. Nilikiweka kwa ndani, upande wake laini ukimwangalia mguu, kingo zimekwanguliwa. Gundi nilipaka pande zote mbili baada ya msasa, nikangoja kama dakika kumi na mbili mpaka ikaacha kunata kwenye kidole, ndipo nikabandika na kugonga taratibu. Kisha mistari miwili ya mshono, hatua za milimita nne. Ukishona karibu karibu unaona umeimarisha, kumbe umetengeneza mstari wa kuchania kama wa stempu. Na sikuvuta uzi mpaka ukazama. Niliishia pale ulipolala juu ya ngozi.

Soli nilishona kwa poliesta nene ya milimita moja, msharasi ukiingia pembeni na kuchomoza ndani, kuanzia mbele mpaka nikapita pale mdomo ulipoishia. Huko kazi kubwa ni kuvutwa na kusuguliwa, na ndiko maji yanakoanzia, kwa hiyo kisichovutika kilikuwa mahali pake.

Saa kumi na moja kasorobo alivaa. Nikamwambia achuchumae, ainuke, achuchumae tena. Nikatazama mkunjo: ulipita katikati ya kiraka, si pembeni. Hapo nikapokea elfu nne, ile moja akabaki nayo ya nauli.

Ukiwa wewe ndiye uliye kwenye benchi

Kama kiatu kimepasuka kwenye mkunjo na ngozi bado inakubali msharasi, omba nailoni nyembamba na kiraka laini kisichozidi unene wa kiatu chenyewe. Ukiwa gereji penye betri, badili uzi uwe poliesta hata kwenye mkunjo, na umwambie fundi asiuvute sana. Ukiwa saiti ya ujenzi, rudi kwenye nailoni, soli pia, na osha viatu kwa maji safi kabla saruji haijakauka juu yake.

Kama tundu liko kisiginoni, ubavuni au kwenye ncha, usiogope ng'ombe, ila uliza kama ni ya magome au ya kromu ikiwa unatembea kwenye maji. Viatu vya ofisini vya ngozi nzuri, ukimpata fundi mwenye kitani, mwachie siku mbili. Na kama tundu la msharasi linachanika likivutwa kidogo tu, hapo hakuna uzi wala kiraka cha kukusaidia kwenye mkunjo. Chukua kipande cha sofa kikuvushe mpaka mshahara, halafu nenda Karume kwenye mitumba mapema asubuhi.

Yule mlinzi alirudi baada ya siku kumi na moja na kiatu cha kushoto. Kilipasuka palepale penye ile mistari myeupe, sentimita mbili tu. Safari hii alikuja asubuhi akitoka lindoni, viatu vikavu, na alikuwa na siku nzima mbele yake.

"Mbuzi, mzee," alisema kabla hajakaa. "Na ule uzi mwembamba."